Tiketi ya Moshi na tiketi ya Ulaya hazikatwi kwa kalenda moja

Ndege moja haina nauli moja. Shirika hugawa viti vya daraja la kawaida katika mafungu, kila fungu na bei yake, na la bei nafuu ndilo huisha kwanza. Ndiyo maana kabla ya kuamua nikate tiketi lini, huangalia kwanza ni akina nani wengine watakaotaka kusafiri siku hiyo.

Chukua Dar kwenda KIA. Njia hii ina ndege nyingi za pangaboi, kama Dash 8-400 ya Air Tanzania yenye viti 76 tu. Mwezi Mei nikikata wiki mbili au tatu kabla, kwa kawaida bei ya chini bado naikuta. Desemba ni habari nyingine, maana nusu ya Dar inaelekea Moshi kwa Krismasi, tena kwa siku zilezile. Tiketi hizo nazikata Agosti au Septemba, na ya kurudi naitafuta siku hiyohiyo, kwa sababu wiki ya kwanza ya Januari msongamano unageuka.

Mkisafiri familia, kuna jambo watu wengi hawalijui. Tuseme fungu la chini limebakiwa na viti viwili vya 180,000 na linalofuata ni 260,000. Ukiomba viti vinne kwa pamoja, mfumo kwa kawaida utawatoza wote 260,000. Tafuta bei ya mtu mmoja kwanza, kisha ya wawili, watatu, wanne. Pale inaporuka ndipo fungu lilipoishia. Nunua viwili, halafu viwili vingine: hapo umeokoa 160,000. Ila tiketi zitakuwa chini ya namba mbili tofauti za uhifadhi wa nafasi, kwa hiyo watoto wasiachwe peke yao kwenye namba moja.

Safari ya Ulaya, kwa mfano Dar kwenda Frankfurt kupitia Doha au Addis Ababa, inahitaji nauli nafuu ipatikane kwenye vipande vyote viwili. Kimoja kikijaa, bei yote inapanda. Mimi hulenga miezi miwili hadi mitano kabla, na kwa Julai, Agosti au Desemba nasogea hadi sita. Miezi kumi na moja ni mapema mno, kwani shirika bado halina haraka ya kushusha bei.

Kikwazo ni viza. Maombi ya Schengen yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua siku 15, ingawa yanaweza kufika 45. Peleka maombi mapema ukiwa na nafasi iliyoshikiliwa tu na wakala, ulipe tiketi baada ya viza kutoka. Ikitoka zikiwa zimebaki wiki nane, bado uko pazuri. Zikibaki tatu, jaribu siku za katikati ya wiki na njia nyingine ya kuunganisha: fungu lililoisha Ijumaa kupitia Doha linaweza kuwa bado lipo Jumatano kupitia Addis Ababa.