Pembetatu haina kimo? Vuta tepu pande tatu, kimo utakitafuta baadaye

Jana kuna msomaji kanitext toka Moshi, anasema kapata kiwanja cha kona, kimekatwa na barabara upande mmoja na mfereji upande mwingine, kimebaki pembetatu, na dalali kamwambia eneo lake ni "upande mara upande gawa mbili". Anauliza hiyo ni sahihi? Nikacheka peke yangu kwenye daladala, maana hiyo hesabu naijua vizuri, ilitaka kumla kaka yangu zaidi ya milioni tatu.

Ilikuwa Usa River. Kiwanja cha pembetatu, bikoni tatu, pande zake ni mita 27, mita 31 na mita 34. Bei ilikuwa elfu 25 kwa skwea mita. Dalali kachukua 31 mara 34, kagawa kwa mbili, kapata 527, hela yake milioni 13 na laki moja na 75. Nikamwambia mzee hapo unahitaji kitako na kimo, na hizo mbili zote ni pande, hakuna kimo hapo. Akanijibu mbele ya watu kwamba hesabu za darasani hazipimi ardhi. Na baba mdogo wetu, ambaye tulimchukua aje kutusaidia sisi, akacheka naye. Hiyo ya baba mdogo mpaka leo inanikera, nisiwadanganye.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Shuleni wengi tuliishia kwenye nusu ya kitako mara kimo, na kimo kilikuwa kimeshachorwa kwenye swali kwa mstari wa nukta nukta. Site hakuna mstari wa nukta nukta, kuna majani na mbuzi wa jirani. Ila ukiwa na pande tatu tayari unatosha, kwa sababu pande tatu zikishajulikana pembetatu haiwezi kubadilika umbo tena. Njia ya kupata eneo kwa pande peke yake inaitwa fomula ya Heron, yule mtu wa Aleksandria kule Misri, wa karibu miaka 2000 iliyopita, kwa hiyo dalali asikwambie ni mambo ya juzi.

Unaanza na mzingo, yaani jumla ya pande zote: 27 + 31 + 34 = 92. Gawa kwa mbili unapata 46. Hiyo 46 ndiyo namba yako ya kazi, iandike pembeni. Halafu toa kila upande kwenye hiyo 46, mmoja mmoja: 46 − 27 = 19, 46 − 31 = 15, 46 − 34 = 12. Sasa zidisha zote nne, ile 46 yenyewe na hizo tatu zilizobaki, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwenye Excel ya laptop unaandika hivi:

```
=SQRT(46*19*15*12)
```

Ndani ya kipeuo ni 157,320, jibu linatoka 396.6. Mita za mraba 396.6, siyo 527! Tofauti ni 130 na kitu, zidisha kwa elfu 25 unapata kama milioni 3 na laki mbili na 60, hela ya kununua matofali kabisa.

Sehemu watu wanapoteleza sana ni kusahau kugawa ule mzingo kwa mbili. Ukitumia 92 badala ya 46 utapata karibu 4,600, yaani kiwanja kimezidi ekari moja (ekari ni kama 4,047), wakati wewe ukisimama bikoni hii unaongea na mtu wa bikoni ile bila hata kupaza sauti. Ukiona jibu la namna hiyo usibishane na kalkuleta, rudi kwenye nusu.

Na kama mtu anakubishia kama dalali wetu alivyobisha, mpe kimo anachokitaka. Chukua eneo, lizidishe kwa mbili, gawa kwa upande mrefu: 793.3 gawa kwa 34 ni mita 23.3. Hicho ndicho kimo kutoka kwenye ule upande wa 34 mpaka bikoni ya tatu. Mimi nilimwomba kijana mmoja asimame kwenye bikoni ya juu na tepu, mwenzake akatembea polepole kwenye kamba ya upande mrefu mpaka akapata sehemu ambayo tepu inasoma kidogo kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu umbali mfupi kuliko wote ndiyo kimo. Ikasoma 23 na sentimita thelathini na kitu. Dalali akaanza kuangalia simu yake. Baba mdogo akasema twende tukanywe chai.

Halafu kuna kitu nataka mkishike jamani. Hiyo ya nusu ya upande mara upande ni sawa pale tu hizo pande mbili zinapokutana kwa pembe mraba. Pembe ikiwa nyembamba zaidi au ikiwa imepanuka zaidi, eneo halisi linakuwa dogo kuliko hapo, siku zote. Hakuna siku hiyo njia itakupunguzia eneo, inakuzidishia tu. Ndiyo maana utaisikia kwa anayeuza, anayenunua huwezi kumsikia nayo. Na atachagua zile pande mbili ndefu, wa kwetu aliacha 27 makusudi, angetumia 27 na 31 angepata 418 na nusu, angalau angekuwa karibu na ukweli.

Ila fomula yenyewe nayo ina mahali inachoka. Pembetatu ikiwa nyembamba sana, tuseme pande ni 40, 25 na 16, zile mbili fupi zinaizidi ndefu kwa mita moja tu. Eneo linatoka 87.7. Sasa tepu ikilegea kidogo ukasoma 40.3 badala ya 40, eneo linashuka mpaka 74, yaani sentimita 30 zimekula karibu mita 14 za mraba. Kwenye kiwanja cha kaka kosa hilohilo kwenye upande wa 34 lingebadilisha eneo kwa mita kama mbili tu. Na ukisoma 41.2 kabisa, kalkuleta inaandika error, kwa sababu upande mmoja umeshazidi jumla ya zile mbili nyingine na pembetatu ya hivyo haipo duniani. Ukikutana na umbo kama hilo, achana na Heron, pima kimo moja kwa moja kwa ile njia ya umbali mfupi, ni kifupi hata hivyo.

Sasa wewe ndugu yangu wa Moshi, umeniambia mwishoni mwa meseji kwamba kwa nyuma kuna bikoni ya nne, ipo kwenye masale. Basi hiyo siyo pembetatu, ni pande nne, na pande nne peke yake hazitoshi, ni kama kitanda kilicholegea misumari, mbao ni zilezile lakini ukikisukuma kinalala upande na eneo la katikati linapungua. Vuta tepu moja zaidi kutoka kona kwenda kona ya mbali, ikate kiwanja vipande viwili, kila kipande fanya Heron yake kivyake halafu jumlisha. Na tepu muishike watu wawili, ikazwe, isilale juu ya majani, pima bikoni kwa bikoni na usifuate fensi inavyopinda. Ukipata hizo namba tano nitumie kabla hujampa dalali hata shilingi.