Makeshia wapya, sare ya DNB haichani mkeka

Jumamosi nimemsikia dogo mmoja dirishani akimwambia mteja, "Imechanika hiyo, timu yako imetoa sare." Mteja alicheza DNB, yaani Draw No Bet, ikitoka sare anarudishiwa dau! Tiketi ilishakunjwa, inaelekea kwenye ndoo. Nikaidaka. Wadogo zangu, sogeeni hapa.

1. Mechi ya DNB ikiisha sare, tiketi ya mechi moja inarudisha dau lote. Kwenye mkeka, mechi hiyo inageuka odi 1.00 na zingine zinaendelea: 1.50 mara 1.60 mara 2.00 ni 4.80, ya kwanza ikitoa sare inabaki 3.20.

2. Zinazohesabiwa ni dakika 90 na zile za majeruhi, basi. Hili mimi nimelilipia. Fainali ya Kombe la Dunia 2022, Argentina na Ufaransa: mzee mmoja, mteja wetu wa siku zote, aliweka 50,000 kwa Argentina DNB, odi 1.85. Argentina wanaongoza mbili, Mbappé akazirudisha dakika ya 80 na 81. Wakaenda nyongeza, ikawa 3-3, Argentina wakachukua kwa penalti. Duka zima linaimba, nami naimba. Mzee akaja na tiketi, nikamwambia, "Shikamoo bingwa," nikamhesabia 92,500 bila hata kuiskani. Foleni ndefu, ningeiskani ya nini na kombe nimeliona kwa macho yangu? Usiku nafunga hesabu, mashine inanionyesha marejesho: 50,000. Dakika ya 90 ilikuwa 2-2. Zile 42,500 zilikatwa kwenye mshahara wangu. Mzee nilimweleza, akanunua soda mbili, moja yangu. Soda ile ndiyo ghali kuliko zote nilizowahi kunywa.

3. Skani kwanza, ushangilie baadaye.

4. Mteja atauliza, "Mbona odi ya DNB imepungua hivi?" Usimwambie "kampuni imepanga." Chukua mechi yenye nyumbani 2.10, sare 3.20, ugenini 3.60, mkononi una 10,000. Ili sare ikurudishie hela yako, weka 3,125 kwenye sare, maana mara 3.20 ni 10,000. Zinabaki 6,875 za nyumbani; mara 2.10 ni kama 14,437. Yaani umejitengenezea DNB ya 1.44:

```
2.10 × (1 − 1/3.20) = 1.44
```

Ila hiyo imebeba faida ya kampuni ya sare na ya nyumbani pia. Ukiitoa sare kabisa, ukagawa nafasi kwa timu mbili tu, nyumbani ina 1/2.10, yaani 0.476, ugenini 0.278, jumla 0.754. Gawa 0.754 kwa 0.476, unapata 1.58, bei kabla kampuni haijakata chake. Kwa hiyo skrini ikiandika 1.50, mteja achukue hiyo hiyo. Ikiandika 1.40, mwenye akili atagawa dau mwenyewe, tena atakukatisha tiketi mbili huku foleni inalalamika. Mkatie tu.