Kiazi hakipigwi ngumi

*Swali: Mwenzangu kazini ni Mjaini, mfuasi wa dini ya Kijaini iliyotoka India, tunamwita "mla mboga". Anasema msingi wa dini yake ni "ahimsa". Nimeona ikifasiriwa "kutotumia nguvu". Ni sahihi? – Msomaji, Mombasa*

Si sahihi, na tafsiri hiyo imenikera miaka. Siku hizi waandishi wetu wameisingizia "nguvu" kila uovu, wakati tunayo mabavu, ghasia na ukatili. Mama anayekuna nazi anatumia nguvu. Amemwonea nani?

Ahimsa ni Kisanskriti: "a" ya kukanusha na "himsa", kudhuru. Andika "kutodhuru", basi.

Chukua kiazi mbatata. Hakuna anayekipiga ngumi, lakini Mjaini mshika dini hakili. Ukiking'oa unaua mmea mzima pamoja na vijidudu vya udongoni. Isitoshe, Wajaini huamini kwamba ndani ya kiazi kimoja zimo roho zisizo na idadi. Kwa hiyo hali vitunguu, saumu wala karoti. Maharage yake huungwa kwa mvuje badala ya kitunguu, na mahali pa mbatata huingia ndizi mbichi, maana mkungu ukikatwa shina halikung'olewa. Tangawizi mbichi haramu. Ikishakauka, wengi huitumia, kwa kuwa haiwezi kuota tena. Sasa niambie, nguvu iko wapi hapo?

Mtawa wao hutembea peku, macho ardhini mbele yake, asije akakanyaga mdudu. Hubeba ufagio laini wa kupangusia mahali kabla ya kukaa, na msimu wa mvua hutulia mahali pamoja miezi minne, kwa kuwa njia zimejaa viumbe. Baadhi hufunga kitambaa mdomoni ili pumzi na mate yasidhuru vilivyo hewani. Kinywa nacho kina adabu yake: neno kali ni dhara, hata likiwa la kweli.

Mlei hawezi kuishi hivyo, na dini inalijua hilo. Haruhusiwi kudhuru kwa kukusudia. Dhara la jikoni au la kazi halali huvumiliwa likipunguzwa, ila biashara ya pembe za ndovu, sumu, pombe au kuchoma mkaa imekatazwa. Ndiyo sababu mojawapo ya wengi wao kushika biashara ya nguo na vito badala ya jembe, linalopasua ardhi na vilivyomo. Na akivamiwa? Mlei anaruhusiwa kujilinda, hata kwa nguvu! "Kutotumia nguvu" imekufia hapo hapo, na mimi sitaizika kwa heshima.

Kuhusu "mla mboga", nimeshachoka kupigana. Mwiteni hivyo akiridhia. Lakini mkumbuke kwamba Mombasa ukiuliza "leo mboga gani?" unaweza kujibiwa "papa".