Kazi uliyompa mtu imefutwa na bajeti: namna ya kumwandikia

Barua ya kumwambia mtu kuwa hakufaulu usaili ni nyepesi kuliko hii. Aliyekosa usaili hakuwa na kitu mkononi. Huyu keshapewa kazi, keshakubali, na pengine keshaaga alipokuwa. Kwa hiyo wewe uliyeanza juzi kwenye utumishi usichukue ile barua ya kawaida ya "tunasikitika kukujuilisha" ukabadilisha jina na tarehe. Haitoshi, na mara nyingine inakutia kwenye kesi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shirika linalofanya kazi na wakulima wa mwani, ofisi yake Chake Chake, limempa barua ya ajira mhasibu wa mradi tarehe 2 Juni. Mwenyewe ni mkaazi wa Unguja. Anatakiwa aanze tarehe 1 Julai kwa mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi, na amekubali kwa maandishi tarehe 5. Tarehe 16 Juni mfadhili anajuilisha kwamba fedha za mwaka unaokuja zimepunguzwa. Mkurugenzi anaamua nafasi ile ifutwe na hesabu za mradi zishikwe na mhasibu mkuu aliyepo. Wewe unaambiwa: "Mwandikie."

Usiandike kwanza. Fungua jalada usome barua ya tarehe 2 Juni neno kwa neno, ukitafuta kama ajira ilifungwa na sharti lolote, kwa mfano "kwa sharti la kupatikana fedha za mradi". Mtu ambaye hajajibu bado unaweza kuiondoa nafasi mbele yake bila ya mzozo mkubwa. Lakini akishakubali, na barua haina sharti, kuna makubaliano baina yenu, na kupungua kwa bajeti peke yake hakuyafuti. Hapo huondoi ofa tena, unavunja mkataba kabla haujaanza kutumika, na lazima mtazame muda wa notisi na malipo mliyoyaandika wenyewe. Hili linahitaji mwanasheria au ushauri wa Kamisheni ya Kazi kabla barua haijatoka, si baada ya kujibiwa na wakili wa mwenzako.

Na hapa kuna mtego wa wageni wengi: barua za mfano zinazozunguka zimeandikwa Tanzania Bara, zinataja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Huku kazi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Ukinakili kifungu cha Bara kwenye barua inayotoka Chake Chake, umemwonesha msomaji kwamba hata sheria inayokuhusu huijui.

Baada ya hapo ingia kwa mkurugenzi na utoke na majibu matatu. Nafasi imefutwa au imesogezwa mbele? Shirika litarejesha gharama zipi, na mwisho shilingi ngapi? Nafasi ikirudi, huyu atapewa kabla ya kutangazwa, au ataomba upya na wenziwe? Bila ya majibu haya barua yako itajaa maneno ya kuzungukazunguka, kwa sababu kweli huna la kumwambia. Katika mfano wetu mkurugenzi amesema: imefutwa, gharama zenye risiti hadi shilingi 400,000, nafasi ikirudi kabla ya tarehe 31 Disemba apewe yeye kwanza.

Sasa piga simu, na ipigwe siku ile ile, asubuhi. Sababu ya asubuhi ni ya kazi, si ya adabu tu. Kama mhasibu huyu kesha kupeleka notisi kwa mwajiri wake wa Unguja, kila siku inayopita ndiyo siku ambayo nafasi yake ya zamani inaweza kupewa mtu mwengine. Ukimwambia saa tatu, ana wakati wa kwenda kuzungumza kabla ofisi haijafungwa. Ukimwambia Ijumaa jioni, umemnyima siku mbili nzima na hana wa kumwendea.

Msalimie kama kawaida, muulize kama anaweza kuzungumza faragha, kisha sema bila ya kuzunguka: "Bi mkubwa, nina habari isiyo nzuri. Ile nafasi tuliyokupa imefutwa, bajeti ya mradi imepunguzwa. Hutoanza kazi tarehe 1 Julai." Nyamaza. Mwache aseme. Halafu muulize mambo mawili: ameshapeleka notisi alipo? Na ametumia fedha gani kwa ajili ya kuhamia? Hapo mfano wetu unapata hesabu yake. Amelipa shilingi 30,000 za uchunguzi wa afya mlioutaka, shilingi 70,000 za nauli ya boti alipokuja kutafuta nyumba, na kodi ya chumba ya miezi mitatu kwa shilingi 60,000, yaani 180,000. Jumla ni 280,000, imo ndani ya kiwango. Na notisi ameipeleka tarehe 9.

Barua inafuata mchana huo huo. Inaweza kuwa hivi:

"Bi …,

Assalaamu alaykum. Kama tulivyozungumza kwa simu leo asubuhi, tunaiondoa nafasi ya mhasibu wa mradi tuliyokupa kwa barua yetu ya tarehe 2 Juni. Hutoanza kazi tarehe 1 Julai.

Tarehe 16 Juni mfadhili alitujuilisha kuwa fedha za mradi za mwaka unaokuja zimepunguzwa. Tumeifuta nafasi hii, na kazi zake zitafanywa na mtumishi aliyepo. Uamuzi huu hautokani na usaili wako, vyeti vyako wala wadhamini wako.

Tunajua kwamba ulikubali kwa nia njema, ukapeleka notisi kwa mwajiri wako na ukalipia nyumba. Tunakuomba radhi kwa usumbufu huu.

Tutakurejeshea shilingi 280,000, yaani uchunguzi wa afya, nauli na kodi ya chumba, kwa risiti utakazotuletea. Tukizipata kabla ya tarehe 24 Juni, fedha zitaingia kwenye akaunti yako si zaidi ya tarehe 30 Juni. Malipo haya hayakuzuii kudai haki nyengine unayoona unayo.

Tumeambatanisha barua nyengine inayoeleza kwamba nafasi imefutwa kwa sababu ya bajeti. Unaweza kumpa mwajiri wako wa sasa au mwajiri mwengine yeyote.

Kwa sasa hatuna nafasi nyengine inayokufaa. Nafasi hii ikirudi kabla ya tarehe 31 Disemba, tutakupa wewe kabla ya kuitangaza. Hatuwezi kukuahidi kwamba itarudi, na tunakushauri usisite kuchukua kazi nyengine.

Kwa suala lolote, nipigie mimi mwenyewe kwa nambari iliyo chini, siku za kazi, saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu."

Tazama sentensi ya mwanzo. Habari yenyewe imo humo, na tarehe imo. Waandishi wageni hupenda kuanza na shukurani, kisha historia ya shirika, kisha hali ya uchumi wa dunia, na msomaji anafika aya ya tatu hajui kama ana kazi au hana. Baya zaidi ni kuandika "tumeahirisha" kwa kuona haya kuandika "tumeiondoa". Mtu aliyeambiwa imeahirishwa atasubiri. Atakataa kazi ya hoteli inayokuja Julai, msimu wa wageni unapochanganya, kwa kutegemea simu yako ambayo haiji.

Sababu inatosha kwa sentensi mbili. "Kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu" ni maneno matupu, na mtu anayeachiwa tundu hulijaza mwenyewe: atadhani wadhamini wamemsema vibaya, au mtoto wa mtu kapewa nafasi yake. Upande wa pili, usimwage siri za mfadhili wala ugomvi wa bodi. Na sababu iwe kweli. Ukiandika bajeti, kisha mwezi wa Agosti nafasi ile ile ikatangazwa kwa jina jengine, barua yako mwenyewe ndiyo ushahidi wa kwanza atakaouchukua.

Radhi isemwe mara moja. Ukiirudia mara nne unamtwisha kazi ya kukuliwaza wewe. Dua ya kheri ina mahala pake, ila isikae pale palipotakiwa tarehe. "Inshallah tutaangalia suala la gharama" inamwacha mtu na chumba alichokilipia na hajui kama atarejeshewa.

Ile sentensi ya kutozuia haki nyengine wakurugenzi wengine hawaipendi. Watataka asaini kwanza kwamba hadai chochote ndipo arejeshewe nauli yake. Usikubali kirahisi. Fedha alizotumia kwa kukutii wewe si zawadi ya kununulia saini, na karatasi ya namna hiyo aliyosainishwa mtu aliyebanwa hukusaidia kidogo sana mambo yakifika kwenye usuluhishi. Kama mwanasheria amesema kuna malipo ya notisi, yaandike kwenye mstari wake peke yake, usiyachanganye na nauli.

Ile barua ya ziada ya mwajiri ndiyo watu huisahau, na kwa aliyepeleka notisi siku nane tu nyuma inaweza kuwa na thamani kuliko zile 280,000. Iwe fupi, mistari mitatu, yenye muhuri na saini. Anaingia nayo kwa bosi wake akiomba kuirudisha notisi, na bosi anaona kwamba hakufukuzwa kwa kosa huko alikokwenda.

Itume kwa baruapepe ikiwa na saini. Picha ya barua kwa WhatsApp si vibaya baada ya simu, ilimradi iende kwake peke yake. Usimpe ujumbe ami yake anayefahamiana na mkurugenzi, kwa kudhani unampunguzia uchungu. Pemba watu wanajuana, na habari itakuwa imeshafika barazani kabla mwenyewe hajaijua.

Akijibu kwa hasira, usibishane na maneno yake. Jibu yale yenye jibu. Akiuliza kwa nini shirika lilitoa barua kabla fedha hazijathibitishwa, na kweli hazikuwa zimethibitishwa, mwambie hivyo. Swali hilo lipeleke pia kwa mkurugenzi, kwa sababu barua ijayo ya ajira inayotegemea fedha za mfadhili inatakiwa iwe na lile sharti tangu siku ya kwanza, limeandikwa mahala pa kuonekana.

Kama mlishaanza kumsajili ZSSF au kwenye bima, ombeni usajili ufutwe. Nakala halisi za vyeti mrejesheeni kwa kusaini daftari. Kisha tarehe 29 Juni shuka kwa mhasibu mkuu umuulize kama malipo yameshatoka, maana karatasi za malipo hukwama mezani kwa kukosa saini moja, na tarehe 30 uliyoiandika ni yako.