Alama ya 0.95 si ahadi ya usahihi

Swali: Mfumo wetu husoma ankara za wasambazaji na kuziingiza kwenye hesabu. Kila sehemu ya ankara, kama jumla au namba ya akaunti, hupewa na mfumo alama ya uhakika kati ya 0 na 1. Tumeweka kizingiti cha 0.95 kwa sehemu zote, na iliyo chini yake huenda kwa mhakiki, lakini jumla zisizo sahihi bado zinapita na foleni ya uhakiki imejaa. Tupandishe hadi 0.99?

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Mtaifanya foleni kuwa ndefu zaidi, na makosa yanayowaumiza yatabaki palepale. Alama ya mfumo hueleza jinsi mfumo ulivyoridhika na usomaji wake wenyewe. Mpaka ipimwe kwa ankara zenu, haina maana kwamba mfumo hukosea mara 5 katika 100. Ankara ikiwa na chapa safi, mfumo unaweza kuchukua jumla kabla ya kodi badala ya jumla ya kulipa, ukaipa alama ya 0.98 kwa kuwa kila tarakimu imesomeka vizuri. Kosa la namna hiyo hunaswa na hesabu: jumla kabla ya kodi ukijumlisha na kodi lazima ilingane na jumla ya kulipa, na ankara isiyolingana iende foleni hata kama alama yake ni 0.999.

Kizingiti chenyewe hutafutwa kwa kila sehemu peke yake. Chukueni ankara 500 ambazo watu wamekwisha kuzihakiki, mzipange kwa alama ya jumla ya kulipa kuanzia ya juu, kisha mhesabu makosa mkishuka. Tuseme kuanzia 0.90 kwenda juu zimo ankara 420 zenye makosa 13, yaani takriban 3 katika 100, na kuanzia 0.97 zimo 300 zisizo na kosa hata moja. Basi 0.97 ndiyo yenu, ingawa ankara 300 safi huthibitisha tu, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba makosa hayazidi takriban 1 katika 100. Maelezo ya bidhaa huenda yakaridhika na alama ya chini zaidi, ilhali namba ya akaunti ya benki isikubaliwe kwa alama yoyote bila kulinganishwa na kumbukumbu ya msambazaji.

Foleni nayo itapungua mkimpelekea mhakiki ile sehemu yenye shaka tu, pamoja na kipande cha picha yake, badala ya ankara nzima.

Kinachonichosha ni mafundi wanaofunga mfumo, wakaandika namba waliyoitoa kwenye kazi nyingine, wakaondoka. Namba hiyo ilipimwa kwa ankara za watu wengine, kama ilipimwa kabisa, na hata iliyopimwa kwenu huchakaa mfumo unapobadilishwa toleo au anapokuja msambazaji mwenye mpangilio mpya wa ankara. Kwa hiyo kila wiki chukueni kwa bahati nasibu baadhi ya ankara zilizopita bila kuhakikiwa, mzichanganye kwenye foleni bila kitu cha kuzitofautisha, kwani mhakiki akijua kwamba mfumo umeridhika, naye huridhika.