Mkungu huu ni wa ndizi gani?

"Wataalamu, nitajuaje kwa picha kama huu ni mkono wa tembo au bokoboko? Ndizi zote za kijani, zina pembe."

Mdau hapo juu amesema ndizi yenye pembe ni ya kupika. Ni kweli nusu tu, maana hata ndizi za kula mbivu huwa na pembe zikiwa changa, na hujaa mviringo kadiri zinavyokomaa. Rangi ya kijani nayo haikusaidii hapa.

Anza na mwisho wa mkungu. Mkono wa tembo una chane chache, ndizi ndefu nene zilizopinda, na ukikomaa hauna lile ua kubwa la zambarau linaloning'inia chini. Bokoboko ni fupi, nene, zina pembe kali, na ua lake kwa kawaida hubaki.

Kwenye picha yako naona chane nne, ndizi ndefu, hakuna ua. Ningesema mkono wa tembo, ila wakulima wengi hukata ua, kwa hiyo angalia mkocho, ule mkia wa mkungu unaobeba ua: ukiishia karibu tu na chane ya mwisho bila kovu la kisu, nina imani zaidi. Ukiwa mrefu na umekatwa, basi huenda ni aina nyingine ya ndizi ndefu za kupika, zile zenye vidole vingi na vidogo kuliko hivi. Tuma picha ya upande wa chini, na weka mkono wako kando ya ndizi tuone ukubwa.