"30 yako ipo kila mwezi": tulichokubaliana kweli na mbia wangu

Nilipogombana na mbia wangu wa omena hapa Kisumu, kila mmoja alikuwa na simu mkononi akisema, "Ndiyo haya, uliandika mwenyewe." Nimeketi na mazungumzo yetu ya WhatsApp siku tatu, na ninataka nieleze jinsi nilivyoyasoma, maana nilikuwa karibu kumpeleka mahakamani kwa jambo ambalo hatukukubaliana.

Kwanza niliyatoa yote kwa `Export chat`, kisha nikayasoma tangu siku ya kwanza. Ukitafuta neno "faida" peke yake utapata ujumbe unaokufurahisha, na ule wa kabla yake na baada yake hutauona. Sauti nazo nilizisikiliza na kuandika maneno yake mahali pake, kwa sababu mtu wetu wa biashara akiwa barabarani hujibu kwa sauti, na hapo ndipo masharti hukaa.

Januari aliandika: "Tuanze pamoja dada, nusu kwa nusu." Miezi yote hiyo niliamini hilo ndilo agano letu. Lakini jibu langu lilikuwa, "Ngoja niongee na mzee nyumbani." Hilo si kukubali. Tarehe 2 Februari akaja na pendekezo lingine: "Leta 180, mimi nalipia friza. 30 yako ipo kila mwezi, usijali. Kesho nikuchukue twende Dunga saa ngapi?" Nikajibu, "Sawa. Saa kumi na moja." Kesho yake nikatuma shilingi 180,000.

"Sawa" ile ingeweza kuwa ya safari ya Dunga tu. Kilichoifunga kwenye pendekezo zima ni pesa: kiasi kilekile alichoomba, siku iliyofuata. Kwa hiyo nusu kwa nusu ilikuwa imeshapitwa, na iliniuma kuliona.

Ikabaki 30. Mimi nilisoma shilingi 30,000 kila mwezi, kwa sababu katika sentensi iliyotangulia "180" ilikuwa elfu. Yeye alisema ni asilimia 30 ya faida. Kwa maandishi peke yake, nilikuwa na hoja nzuri. Ila usiku uleule alikuwa ametuma sauti: "Mwezi ukiwa mbaya, dada, tutavumiliana." Mtu anayeahidi kiasi kisichobadilika hana haja ya kusema hivyo.

Nikafungua taarifa ya M-Pesa na daftari la mauzo. Machi, baada ya kutoa bei ya omena, usafiri, mifuko na kodi, zilibaki 48,000. Alinitumia 14,400. Aprili zilibaki 41,000, akatuma 12,300. Mei zilibaki 60,000, akatuma 18,000. Piga hesabu: kila mwezi ni asilimia 30 kamili. Nami kila mara nilijibu "Asante, nimepata," bila kuuliza zilizobaki ziko wapi. Matendo ya miezi mitatu yalifafanua neno ambalo ujumbe uliliacha wazi.

Lakini hesabu hiyohiyo ilinipa haki yangu mahali pengine. Juni zilibaki 50,000 akatuma 10,500, akisema ametoa kwanza mshahara wake wa 15,000. Asilimia 30 ya 35,000 ni hiyo 10,500, kweli. Ila nilipitia ujumbe wote tangu Januari na sikupata mshahara ukitajwa hata mara moja, na miezi mitatu ya mwanzo haukukatwa. Alikuwa ananidai kanuni mpya. Nilistahili 15,000, kwa hiyo zilipungua 4,500.

Kuhusu hisa, nilijidanganya mwenyewe. Nilikuwa nimeandika mara nyingi "hisa zangu", naye hakunipinga. Lakini tulikuwa tumesajili jina la biashara tu, na jina la biashara halina hisa. Kama mna kampuni, angalia CR12 kwenye eCitizen: ndiyo inayoonyesha nani ana hisa ngapi. Isipolingana na mnayoandikiana, ulizeni mapema, kabla pesa haijagawanywa.

Ukifikiria mahakama, usifute chochote wala usibadilishe simu bila kuhifadhi. Picha za skrini zinakata ujumbe wa kabla na wa baada, na chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, maandishi ya kielektroniki huambatana na cheti kinachoeleza yalivyotolewa. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yana Mahakama ya Madai Madogo.

Sisi hatukufika huko. Nilimpelekea hesabu ya miezi minne, nikaambatanisha ile sauti yake mwenyewe. Akanyamaza siku mbili, kisha akatuma 4,500 na ujumbe huu, nami nikaujibu kwa kuunukuu: "Kuanzia Julai, asilimia 30 ya kinachobaki baada ya omena, usafiri, mifuko na kodi. Mshahara wangu tutauongelea mbele ya mzee, Jumapili."